Meseji ya benki haijaingia: kusoma ilivyoandikwa, na kujua lini inafaa kuifuatilia

Kwa mtu wa Kizingitini au Faza, kwenda benki Amu ni siku nzima: kungojea maji yajae ili mashua ipite Mkanda, nauli ya kwenda na kurudi, kisha foleni. Kwa hivyo inafaa kujua kabla ya kupanda chombo kama meseji iliyokosekana ni jambo la kulifuatilia au ni la kuachwa lijimalize. Mara nyingi jibu hupatikana hapo hapo ulipo, kwa kutenganisha maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni je, pesa zimetembea? La pili ni je, njia inayoleta meseji iko wazi? Pesa zinaweza kuingia bila meseji kufika, na meseji inaweza kufika bila pesa kuingia. Kila dalili hapa chini inaanzia kwenye mgawanyo huo.

Kwanza, meseji yenyewe inasema nini

Benki hutofautiana kwa maneno, lakini meseji ya kawaida ina umbo kama hili:

```
KES 48,000.00 CR to A/C 01XXXX789
on 21-10-2025 09:14. EFT
Ref FT25294K3M7Q
Avail Bal KES 61,350.00
```

CR ni pesa zilizoingia, DR ni zilizotoka. Nambari ya akaunti hufichwa katikati, na tarakimu za mwisho zinatosha kukuonyesha ni akaunti ipi kama unazo mbili. Saa ni ya mfumo wa saa 24, na hapa ndipo wengi hukosea: 09:14 ni saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi, na 15:40 ni saa tisa na dakika arobaini alasiri. Ukisoma 09:14 kama saa tisa utatafuta muamala usiokuwepo.

Neno linaloonyesha njia ndilo la thamani kubwa, kwa sababu kila njia ina mwendo wake. PesaLink huhamisha pesa kutoka benki moja hadi nyingine papo hapo, mchana na usiku, Jumapili na sikukuu, kwa kiasi cha hadi shilingi 999,999 kwa mara moja. EFT hukusanywa kwa mafungu na kupitia chumba cha kusafishia hesabu za mabenki, hivyo huingia siku ya kazi inayofuata. RTGS hupita kwenye mfumo wa Benki Kuu ya Kenya na huingia siku hiyo hiyo, mradi imetumwa saa za kazi na kabla ya benki kufunga kupokea. CHQ ni hundi. SO ni malipo uliyoagiza yakatwe kila mwezi. POS ni kadi iliyopitishwa dukani au hotelini. REV au Reversal ni pesa iliyorudishwa ilikotoka.

Ref ni nambari ya kumbukumbu ya muamala. Ikifunguka kwa herufi FT, kama inavyokuwa kwa baadhi ya benki, unaweza kuisoma tarehe ndani yake: tarakimu mbili za mwaka, kisha tatu za siku ukihesabu tangu Januari mosi. FT25294 ni mwaka 2025, siku ya 294, yaani 21 Oktoba. Zilizobaki ni za kuutambulisha muamala wenyewe. Nambari za M-Pesa nazo zina siri kama hiyo. Ni herufi na tarakimu kumi, na tatu za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku. S ni 2024 na T ni 2025. Mwezi ni A kwa Januari hadi L kwa Desemba. Siku ya 1 hadi ya 9 huandikwa kwa tarakimu, kisha A ni ya 10, B ya 11, hadi V ambayo ni ya 31. Basi nambari inayoanza TJH ni ya 17 Oktoba 2025. Mtu akikuonyesha meseji ya "leo" yenye nambari inayoanza kwa tarehe ya wiki iliyopita, huhitaji kubishana naye sana.

Salio nalo huandikwa kwa namna mbili. Avail Bal ni zile unazoweza kuzitoa sasa hivi. Actual Bal, ambayo benki nyingine huiita Book Bal au Ledger Bal, ni jumla ya vilivyoandikwa kitabuni, pamoja na hundi ambayo haijakomaa au kiasi kilichoshikiliwa na hoteli. Mbili hizi zikitofautiana si wizi. Ni pesa iliyo njiani au iliyofungwa kwa muda.

Dalili: unangoja pesa, na meseji haiji

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Mama mmoja wa Faza anauza kaa. Ijumaa tarehe 17 Oktoba 2025 amepeleka kilo 60 kwa mnunuzi wa hoteli Malindi, kwa shilingi 800 kila kilo, jumla 48,000. Saa kumi alasiri mnunuzi amemtumia picha ya skrini ya simu yake: "Your transfer of KES 48,000.00 has been submitted." Jioni hakuna meseji. Jumamosi hakuna. Jumapili hakuna.

Jambo la kwanza si kumpigia karani wa benki. Ni kuisoma picha. "Submitted" au "processing" ni kwamba ombi limepokelewa, si kwamba pesa zimefika. "Successful" au "completed" ndiyo inayosema upande wa mtumaji umemalizika. La pili ni kumuuliza mnunuzi kwa adabu na kwa uwazi: "Kaka, naomba uniambie umetuma kwa njia gani, PesaLink, EFT au RTGS, na unipe nambari ya kumbukumbu kama ilivyoandikwa." Asiitamke, aitume kwa maandishi, maana sifuri na herufi O hufanana, na moja na I vilevile.

Anajibu kwamba ni EFT. Hapo muda wote unahesabika upya. Imetumwa Ijumaa alasiri, na Ijumaa hiyo ilitangazwa kuwa sikukuu kwa ajili ya mazishi ya kitaifa ya Raila Odinga, hivyo si siku ya kazi. Jumamosi na Jumapili mafungu hayaendi. Jumatatu tarehe 20 Oktoba ni Siku ya Mashujaa, benki zimefungwa. Siku ya kazi inayofuata ni Jumanne tarehe 21. Kwa hivyo siku nne za kimya hazina ubaya wowote, na yeyote aliyepanda mashua Jumamosi kwenda kulalamika amepoteza nauli yake bure.

Jibu lingekuwa PesaLink, hesabu ingekuwa nyingine kabisa. Hiyo huingia kwa dakika. Ikipita saa moja bila salio kubadilika, mtumaji aanze kufuatilia kwake, na kufuatilia kuanze upande wa benki iliyotuma, kwa kuwa ndiyo yenye uwezo wa kuona kama pesa zilitoka, zilikwama, au zilirudishwa. Benki yako wewe haiwezi kuitafuta pesa ambayo haijaifikia. Kwa RTGS, ngojea mpaka benki ifunge siku hiyo, na kama haijaingia fuatilia asubuhi ya siku ya kazi inayofuata. Hundi iliyowekwa leo hukomaa siku ya kazi inayofuata, kwa hivyo mchana wa kesho yake ndio wakati wa kuuliza. Pesa uliyotuma mwenyewe kutoka M-Pesa kwenda akaunti kwa kawaida huingia mara moja. Ikichelewa, iache masaa machache, kisha kagua kwanza nambari ya akaunti uliyoiandika kabla ya kumlaumu mtu. Tarakimu moja ikikosewa, pesa inaweza kuwa imeingia kwa mtu mwingine, na hapo muda ni muhimu: sambaza meseji ya M-Pesa kwenda 456 kuomba irudishwe, na uiarifu benki papo hapo.

Turudi Faza. Jumanne saa sita mchana bado hakuna meseji. Sasa ndipo swali la kwanza lijibiwe, je, pesa zimetembea? Aangalie salio, si meseji. Kwa programu ya benki, kwa menyu ya nyota ya benki yake, au kwa wakala aliye na mashine, ombi la taarifa fupi ya akaunti hutoa miamala michache ya mwisho. Ni bora kuliko salio tupu, kwa sababu inaonyesha kiasi kimoja kimoja na tarehe yake. Anakuta: 48,000 CR, tarehe 21, saa tatu na robo kasoro dakika moja. Pesa zimo. Meseji ndiyo haipo.

Wengi hapa husema alhamdulillahi na kuliacha. Sisi twasema hapa ndipo jambo linapoanza.

Dalili: pesa zinaingia na kutoka, meseji haziji kabisa

Meseji moja ikipotea katika ishirini, iache. Mitandao hupoteza meseji. Lakini zikiwa haziji zote, au zimekoma tangu siku fulani, fuatilia hata kama hakuna senti iliyopotea. Sababu ni kwamba nambari ya siri ya mara moja, ile ambayo benki hukutumia kuthibitisha malipo au kubadilisha namba ya siri, aghalabu huja kwenye nambari ile ile ya simu iliyoandikishwa. Kama meseji za salio zinakwenda kwa mtu mwingine, basi na funguo zinaweza kumwendea yeye.

Fanya jaribio kabla ya kutoka nyumbani. Hamisha shilingi 200 kutoka akaunti yako kwenda M-Pesa yako mwenyewe. Utalipa ada kidogo, lakini utapata majibu ya wazi. Meseji ya MPESA itakuja, na hiyo haihesabiki, kwa sababu imetoka kwa kampuni ya simu. Unayongojea ni ile ya benki inayosema pesa zimetoka. Ingekuwa vizuri usijaribu kwa shilingi 20, maana benki nyingi huweka kiwango, na chini ya kiwango hicho hazitumi meseji. Ungedhani njia imeziba kumbe kiasi ni kidogo tu. Kiwango chako ni chochote kile, karani anaweza kukwambia.

Ya benki ikija, njia iko wazi, na ile iliyokosekana ilikuwa ya aina isiyotumiwa meseji. Baadhi ya akaunti zimeandikishwa kupata meseji za kutoka tu, nyingine za kadi tu. Hilo si hitilafu, ni fomu. Utaomba aina nyingine iongezwe siku utakayokwenda kwa shughuli nyingine.

Isipokuja, tafuta kuziba kwenye simu kabla ya benki. Fungua programu ya meseji, kwenye menyu utazame folda ya takataka na waliozuiwa, ambayo huandikwa "Spam & blocked". Simu wakati mwingine huzitupa huko meseji za watumaji wenye majina badala ya nambari, na mtu akishawahi kubofya "Block" kwa hasira ya matangazo ya mkopo, amezifunga zote za mtumaji huyo, pamoja na za salio. Simu za zamani za vitufe zina ugonjwa mwingine: nafasi ya meseji ikijaa, mpya hubaki nje. Futa hamsini za zamani, zima simu, washa, ngojea dakika kumi. Kisha, kwa laini ya Safaricom, piga *456*9*5# na utazame kama ulishawahi kuzuia meseji za watumaji fulani. Wako waliofunga matangazo yote wakafunga na benki yao bila kujua.

Kama simu ni safi, bado limebaki moja, na ndilo lililompata mama wa kaa. Nambari iliyoandikwa benki ni ya laini yake ya zamani, aliyoiacha miaka iliyopita. Laini isiyotumika kwa muda mrefu kampuni ya simu huichukua na kuiuza tena. Leo iko mfukoni mwa mtu asiyemjua, na mtu huyo asubuhi ile amesoma kwamba kuna akaunti imeingiwa na 48,000 na ina salio la 61,350. Hili ndilo la kulipia nauli. Siku hiyo hiyo.

Aende na kitambulisho cha asili, si kopi, na simu yenye laini mpya ikiwa imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mwanawe huleta maswali, na haki yao kuuliza. Amwambie karani maneno haya: "Bibi, nataka kubadilisha nambari ya simu kwenye kumbukumbu za akaunti, kwenye huduma ya meseji, na kwenye kadi na huduma ya simu." Avitaje vyote. Katika benki nyingi hivyo ni vitabu tofauti, na karani aliyebadilisha kimoja anaweza kuamini amemaliza. Dalili ya kazi iliyofanywa nusu ni hii: meseji za salio zinaanza kuja kwenye laini mpya, lakini ukilipa kwa kadi mtandaoni nambari ya siri ya mara moja haiji. Asiondoke dirishani kabla ya kuweka au kutoa kiasi kidogo na kuona meseji ikiingia mbele ya karani.

Dalili: meseji zinakuja zimechelewa au salio halifuatani

Simu ikizimwa au ikiwa nje ya mtandao, meseji huwekwa kwenye kituo cha kampuni ya simu na kujaribiwa tena na tena. Haiwekwi milele. Muda wake ukipita, ambao aghalabu ni siku moja au mbili, hutupwa na haitakuja tena. Mvuvi aliyekaa siku nne upande wa Kiunga akirudi Amu atapata za jana na leo, zile za mwanzo hatazipata. Asizingojee wala asimlaumu mtu, aombe taarifa fupi ya akaunti na ajaze pengo.

Na zile zinazokuja baada ya kupata mtandao huja kwa fujo. Ya saa nne inaweza kutangulia ya saa mbili. Ukizisoma kwa mpangilio wa simu, salio litaonekana limepanda, limeshuka, limepanda tena, na utahisi umeibiwa. Soma saa iliyo ndani ya meseji, si ile ambayo simu imeiandika juu yake. Zipange upya kwa hiyo, kisha toa na kujumlisha. Ikiwa baada ya kupanga bado kuna tofauti, mara nyingi ni ada na ushuru wake, ambavyo benki nyingine huvikata kwa mistari tofauti bila meseji. Tofauti ya makumi ya shilingi baada ya muamala ni hiyo. Tofauti ya mamia usiyoweza kuielezea, iulize.

Kadi za hotelini zina mchezo wao. Hoteli ya Watamu inaweza kushikilia 10,000 mgeni anapoingia, na meseji ikaja kama ya malipo. Akitoka, analipa 7,500 na meseji nyingine inakuja. Anaona amekatwa 17,500. Kwa kweli ile ya kwanza ni kushikilia tu: Avail Bal imeshuka, Actual Bal haijashuka. Huachiliwa baada ya siku kadhaa, na mara nyingi kuachiliwa hakuna meseji. Ikipita wiki mbili na bado imefungwa, hapo uliza.

Dalili: mashine ya ATM imekataa, au imekata pesa bila kuzitoa

Karatasi ya mashine, au skrini, huwa na tarakimu mbili za majibu. Zile zinazokutana na watu mara kwa mara ni chache: 51 ni salio halitoshi, 55 ni namba ya siri imekosewa, 75 ni umekosea mara nyingi mno na kadi imefungiwa, 61 ni umepita kiwango cha siku. Hizi nne ni zako, na mashine haina kosa. 05 ni benki yako imekataa bila kutaja sababu, na dawa yake ni kuipigia benki, si kurudia.

91 na 68 ni za aina nyingine. 91 ni kwamba benki yako haikupatikana, 68 ni kwamba jibu lake limechelewa. Mawasiliano yakiwa dhaifu, ndizo huonekana. Na 68 ndiyo inayozaa ile hali ya kukatwa bila kupewa. Benki imepokea ombi, imetoa 5,000 kwenye akaunti, imetuma jibu, lakini jibu halikufika kwa wakati. Mashine imechoka kungoja, imefunga muamala na kuandika agizo la kurudisha. Agizo hilo nalo linahitaji njia ile ile iliyokatika, kwa hivyo linakaa foleni mpaka mawasiliano yarudi. Ndiyo sababu utaona DR 5,000 sasa, na REV 5,000 baadaye, zote zikiwa na kumbukumbu inayofanana.

Usirudie mara moja. Ukirudia mara tatu wakati njia inakatika na kurudi, unaweza kuwa na DR tatu zinazongoja kurudishwa. Toka, angalia salio baada ya masaa machache. Kama mashine ni ya benki yako na REV haijaja kufikia kesho yake, andika dai. Kama ni ya benki nyingine, mabenki mawili yanapaswa kulinganisha vitabu, hivyo vumilia siku kadhaa za kazi. Lakini dai lako liandikwe mapema, lisingoje. Ikiwa mashine ilitoa noti pungufu, uliomba 5,000 ukapata 3,000, usingoje REV kabisa, kwa sababu mashine yenyewe inaamini imetoa zote. Hiyo huonekana tu pesa za sandukuni zikihesabiwa na kukutwa 2,000 za ziada. Dai hapo hapo.

Dai zuri lina mambo matano: tarehe na saa kama ilivyo kwenye meseji, nambari ya mashine iliyo kwenye karatasi au iliyobandikwa juu yake, kiasi ulichoomba, kiasi ulichopata, na nambari ya kumbukumbu. Karatasi za mashine hufifia kwa joto letu. Ipige picha siku ile ile. Omba nambari ya malalamiko uondoke nayo, maana bila hiyo kila ukirudi unaanza upya na karani mwingine.

Dalili zisizongoja kesho

Mbali na zilizotajwa juu, ni mbili. Ya kwanza, umekuta kwenye taarifa ya akaunti DR usiyoijua, na meseji yake haikuja ilhali nyingine zinakuja. Funga kadi kwanza kwa programu ya benki au kwa simu iliyoandikwa nyuma ya kadi, maswali yatafuata. Kiasi kidogo kisikutulize: shilingi 50 au 100 kwa duka la mtandaoni la nje mara nyingi ni mtu anaijaribu kadi kabla ya kuitumia kweli, na huenda kiasi hicho kimechaguliwa ili kiwe chini ya kiwango cha meseji.

Ya pili, laini yako imekufa ghafla. Simu inaandika "No service" au "Emergency calls only", na jirani mwenye mtandao huo huo anapiga simu kama kawaida. Izime na kuiwasha mara moja. Ikibaki hivyo, chukulia kwamba mtu ameihamisha laini yako kwenye kadi nyingine ya simu, na kwamba meseji zako za benki, pamoja na nambari za siri za mara moja, zinamwendea yeye. Azima simu ya jirani. Ipigie benki kwanza, useme: "Fungeni huduma ya simu na kadi zangu sasa, laini yangu imechukuliwa." Kisha ndipo upige 100 kwa Safaricom ili laini yenyewe ifungwe. Mpangilio huo ni wa makusudi, kwa kuwa laini inaweza kurudishwa kesho, pesa zikishatoka ni taabu. Kabla hayajakukuta, piga *100*100# uzuie laini yako isibadilishwe bila wewe kufika dukani kwao mwenyewe. Na nambari ya simu ya benki iandike kwenye karatasi nyumbani, mbali na simu, kwani siku utakayoihitaji simu yako haitakuwa na kitu.

Dalili: meseji imekuja, salio halikubadilika

Hii ni kinyume cha yote yaliyotangulia, na sokoni hutokea zaidi jioni, mnunuzi akiwa na haraka ya kuwahi boti ya Mokowe. Meseji ya M-Pesa ya kweli hutoka kwa mtumaji anayesomeka MPESA, na ikitoka kwa nambari ya kawaida ya simu ni ya kubuni, hata kama maneno yote yako sawa. Lakini jina la mtumaji peke yake halitoshi, kwa sababu majina ya watumaji nayo huigwa, na meseji ya kuigwa inaweza kujipanga kwenye mfululizo ule ule wa za kweli. Linganisha salio lililoandikwa na salio la meseji iliyotangulia: 13,350 ukiongeza 48,000 ni 61,350, na mwenye kubuni hajui ulikuwa na kiasi gani. Zisipokubaliana, angalia salio kwa *334# kwa M-Pesa, au kwa menyu ya benki yako, kabla kapu la kaa halijashuka gatini. Na meseji yoyote ya "benki" inayokutaka upige nambari ya simu iliyomo ndani yake, usiipige. Isambaze kwa 333 kama uko Safaricom, na ukitaka kuhakikisha, piga nambari ile iliyo nyuma ya kadi yako.